Ukuta wa Tanuri na Hewa ya Mlimani: Kukadiria Joto Linalopotea Kibondo na Kasulu

Tanuri la mikate la shiti za chuma hupoteza joto kwa kila upande wake uliosimama wima. Moto ukishakolea ndani, ukuta wa nje unakuwa sahani ya moto, na hewa inayougusa inapanda juu ikibeba joto ambalo kuni zimelilipia. Mwenye tanuri anayetaka kujua kama inafaa kuongeza tabaka la majivu au udongo kati ya kuta mbili anahitaji kwanza kujua ukuta ulivyo sasa unapoteza wati ngapi. Hesabu hiyo haihitaji maabara. Inahitaji kipimajoto, futi kamba na kikokotoo cha kawaida.

Tatizo ni kwamba majedwali ya sifa za hewa yaliyomo katika vitabu vingi vya uhandisi ni ya hewa ya usawa wa bahari. Ukanda wa Kitanga, Kasulu na Kibondo uko nyanda za juu, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Anayenakili namba za jedwali bila kuzirekebisha anaweza kujikuta ameingia kwenye kanuni isiyo yake. Kwa hiyo mfano wa makala haya ni wa huku huku: ukuta mmoja wa tanuri, kwenye mwinuko wa mita 1,500, ndani ya chumba chenye nyuzijoto 25.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa iliyogusana na chuma cha moto hupata joto, hutanuka, na ikitanuka inakuwa nyepesi kuliko hewa ya chumba. Kwa kuwa ni nyepesi inasukumwa juu, na hewa baridi inaingia kutoka chini kuchukua nafasi yake. Hakuna feni wala kipepeo. Mwendo huu unaitwa myuko wa asili, na wote unafanyika ndani ya tabaka jembamba lililoshikamana na ukuta. Kwa ukuta wa mfano wetu, tabaka hilo kwenye ukingo wa juu lina unene wa karibu sentimita 3 tu. Ukisogeza kiganja kutoka mbali kuelekea ukutani, unahisi mng'ao wa moto mapema, lakini ule upepo mdogo wa moto unaopanda unauhisi ukishafika karibu kabisa na chuma.

Ndani ya tabaka hilo kuna mvutano. Nguvu ya kuelea inaisukuma hewa ya moto juu. Mnato wa hewa unaizuia, na wakati huohuo joto linasambaa kuelekea hewa ya jirani na kupunguza tofauti iliyoanzisha mwendo. Kipimo cha nani anashinda kati ya pande hizo ni namba ya Rayleigh, iliyopewa jina la mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh. Vitabu vingine hutumia namba ya Grashof, kwa jina la mhandisi Mjerumani Franz Grashof. Zinahusiana kwa urahisi: namba ya Rayleigh ni ya Grashof mara namba ya Prandtl, ambayo kwa hewa ni karibu 0.7. Ukifungua kitabu hakikisha unajua ni ipi kati ya hizo mbili kinayozungumzia kabla hujalinganisha jibu lako na mpaka wowote. Hapa natumia ya Rayleigh:

```
Ra = g × β × (Ts − Ta) × L³ / (ν × α)
```

Herufi g ni mvutano wa dunia, 9.8. Ts ni joto la uso wa ukuta na Ta ni joto la hewa ya chumba. L ni kimo cha ukuta kwa mita, yaani urefu kutoka ukingo wa chini hadi wa juu, njia ambayo hewa inapanda. Upana wa ukuta hauingii hapa. Alama β inaeleza hewa hutanuka kiasi gani kwa kila nyuzi moja ya joto, na kwa gesi ni moja kugawanya kwa joto la wastani katika kelvini. Alama ν ni mnato wa hewa ukigawanywa kwa msongamano wake, na α ni kasi ambayo joto husambaa ndani ya hewa hiyo.

Tazama L ilivyoinuliwa mara tatu. Ukuta ukirefuka maradufu, namba ya Rayleigh inaongezeka mara nane, wakati tofauti ya joto ikiongezeka maradufu namba haifiki hata mara mbili. Ndiyo maana kosa la kupima kimo lina gharama kubwa kuliko kosa la kipimajoto, na ndiyo maana anayeandika 65 akimaanisha sentimita, badala ya 0.65, anapata jibu lililovimba mara milioni moja.

Ukuta wetu una kimo cha sentimita 65 na upana wa sentimita 90. Umesimama juu ya miguu, chini yake pako wazi, na hewa inaingia bila kizuizi. Uso wa nje una nyuzijoto 105. Tofauti na chumba ni nyuzi 80. Sifa za hewa huchukuliwa kwenye joto la katikati ya uso na chumba, ambalo ni nyuzi 65, yaani kelvini 338. Hewa ndani ya lile tabaka si ya nyuzi 105 wala ya nyuzi 25. Iko kati, na kuchukua wastani ndio utaratibu uliotumiwa na waliotunga kanuni tutakazozifikia.

Sasa mwinuko. Mnato wenyewe wa hewa na uwezo wake wa kupitisha joto havibadiliki kwa sababu ya kupanda mlima. Vinategemea joto. Kwa nyuzi 65, mnato ni karibu 2.03 × 10⁻⁵ na upitishaji wa joto ni karibu 0.029. Kinachobadilika ni msongamano, kwa sababu kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, hupungua kadiri unavyopanda. Usawa wa bahari kanieneo ni karibu paskali 101,300. Kwenye mita 1,500 ni karibu paskali 84,600. Msongamano wa hewa ya nyuzi 65 unashuka kutoka kilo 1.04 hadi kilo 0.87 kwa mita ya ujazo.

Msongamano ukishuka, ν inapanda na α inapanda kwa uwiano uleule. Zote mbili ziko chini ya mstari wa mgawanyo, zikizidishwa pamoja. Kwa hiyo namba ya Rayleigh inashuka kwa mraba wa kanieneo. Kanieneo ya mita 1,500 ni asilimia 83 ya ile ya pwani, na mraba wake ni asilimia 70. Ukuta uleule, wenye joto lilelile, una namba ya Rayleigh iliyopungua kwa asilimia 30 ukiuhamisha kutoka pwani hadi Kibondo. Hata Kigoma mjini, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kwenye karibu mita 770, upungufu ni kama asilimia 17.

Hapa kuna mtego wa simu. Programu za hali ya hewa huonyesha kanieneo iliyokwisha kusawazishwa kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili ramani za hali ya hewa za maeneo mbalimbali ziweze kulinganishwa. Mtu aliyeko Kasulu akisoma hektopaskali 1,015 kwenye programu hiyo na kuiingiza kwenye hesabu, amelirudisha tanuri lake pwani bila kujua. Kinachotakiwa ni kanieneo halisi ya mahali. Simu zenye kihisio cha kanieneo huweza kuionyesha moja kwa moja. Zisizo nacho, soma mwinuko kwenye ramani kisha chukua kanieneo ya mwinuko huo kutoka jedwali la angahewa sanifu. Jibu ukiliona linazidi hektopaskali 1,000 ukiwa nyanda za juu, jua umesoma namba isiyofaa.

Tukiingiza namba zetu:

```
β  = 1 / 338 = 0.00296
ν  = 2.32 × 10⁻⁵
α  = 3.31 × 10⁻⁵
L³ = 0.65³ = 0.275

Ra = 9.8 × 0.00296 × 80 × 0.275 / (2.32 × 10⁻⁵ × 3.31 × 10⁻⁵)
Ra = 8.3 × 10⁸
```

Ni milioni 830. Ukuta huohuo kwa hewa ya pwani, kila kitu kingine kikibaki vilevile, ungepata bilioni 1.19. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu mpaka unaotumika kwa sahani wima ni bilioni 1. Chini yake hewa hupanda kwa mtiririko tulivu, tabaka juu ya tabaka bila kuchanganyika. Juu yake sehemu ya juu ya ukuta inaingia kwenye mtiririko wa msukosuko, ambamo hewa inajiviringisha na kuchanganya joto kwa nguvu zaidi. Kwa jedwali la pwani ukuta wetu ungeandikiwa kanuni ya msukosuko. Kwa hewa ya huku uko upande wa utulivu.

Unaweza kugeuza swali na kuuliza: hewa ikianza kupanda kutoka ukingo wa chini, itafika bilioni 1 ikiwa imepanda kiasi gani? Kwa joto hili na mwinuko huu jibu ni karibu sentimita 69. Kwa hewa ya pwani ni sentimita 61. Jambo hili linaonekana kwa macho kwenye ukuta mrefu zaidi ya mita moja. Funga milango ya chumba, shika kijiti cha udi kinachofuka chini kabisa ya ukingo wa ukuta, karibu na chuma, uangalie moshi kwa ubavuni ukiwa na taa nyuma yake. Mwanzoni moshi unapanda kama utepe ulionyooka. Juu zaidi utepe unaanza kuyumba, kisha unakatika vipande na kuviringika. Usitegemee kuona mstari kamili kwenye sentimita 69, maana badiliko huchukua eneo pana, na mtu akipita tu karibu moshi unavurugika mapema. Lakini ukiona moshi unaviringika tangu sentimita 20 za kwanza, huo si myuko wa asili peke yake. Kuna upepo chumbani.

Baada ya namba ya Rayleigh ndipo inakuja kanuni ya kutoa joto. Kanuni hizi hutoa namba ya Nusselt, inayoeleza hewa inayotembea inachukua joto mara ngapi zaidi ya ambavyo ingechukua kama ingetulia tuli. Zile za zamani, ambazo wanafunzi wengi wa uhandisi hukutana nazo kwanza, ni mbili:

```
Mtiririko tulivu   (Ra 10⁴ hadi 10⁹):   Nu = 0.59 × Ra^(1/4)
Msukosuko          (Ra 10⁹ hadi 10¹³):  Nu = 0.10 × Ra^(1/3)

h = Nu × k / L
```

Herufi k ni upitishaji wa joto wa hewa, ile 0.029. Herufi h ndiyo tunayoitafuta: wati ngapi zinaondoka kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto.

Kwa ukuta wetu, kipeo cha robo cha milioni 830 ni karibu 170, Nu ni 100, na h ni 4.5. Zidisha kwa nyuzi 80 upate wati 358 kwa mita ya mraba. Eneo la ukuta ni 0.65 mara 0.90, yaani mita ya mraba 0.585. Joto linalobebwa na hewa ni wati 210.

Je, tungekosea na kuchukua kanuni ya msukosuko? Nu ingekuwa 94 na h ingekuwa 4.2. Tofauti ni asilimia 6 tu. Watu wengi hushangaa hapa, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mpaka wa bilioni 1 ni kama ukuta wa mawe. Karibu na mpaka kanuni mbili zinakaribiana, na kosa la kuchagua upande linasameheka. Kosa linakua ukiwa mbali na mpaka. Chukua tanuri refu la trei nyingi, lenye ukuta wa mita 2, joto likiwa lilelile. Namba ya Rayleigh inafika bilioni 24. Kanuni ya mtiririko tulivu ingetoa h ya 3.4, na ya msukosuko inatoa 4.2. Anayebaki na kanuni ya utulivu kwa mazoea atakadiria upotevu chini kwa karibu asilimia 20.

Ukitazama kwa makini utaona pia kwamba 4.2 imejirudia kwa ukuta wa sentimita 65 na kwa ukuta wa mita 2. Haikuwa bahati. Katika kanuni ya msukosuko, kimo kilichoinuliwa mara tatu kinapochukuliwa kipeo cha theluthi kinarudi kuwa kimo, kisha kinakatwa na L iliyo chini. Kwenye msukosuko, h haitegemei urefu wa ukuta. Kwenye utulivu, ukuta mrefu una h ndogo kuliko mfupi, kwa sababu tabaka la hewa ya moto linaendelea kunenepa na kuufunika ukuta kadiri linavyopanda. Hiki ni kipimo kizuri cha kukagua kazi: kama umehesabu kuta mbili ndefu zenye joto moja, zote juu ya bilioni 1, na h zake zimetofautiana sana, rudi uangalie.

Mwaka 1975 Churchill na Chu walichapisha kanuni moja inayofunika maeneo yote mawili, pamoja na nyingine ya mtiririko tulivu peke yake. Ndizo zinazopendekezwa na vitabu vingi vya leo:

```
Maeneo yote:
Nu = {0.825 + 0.387 × Ra^(1/6) / [1 + (0.492/Pr)^(9/16)]^(8/27)}²

Tulivu tu (Ra chini ya 10⁹):
Nu = 0.68 + 0.670 × Ra^(1/4) / [1 + (0.492/Pr)^(9/16)]^(4/9)
```

Kwa hewa, zile sehemu zenye Pr ni namba zisizobadilika: mabano ya kanuni ya kwanza yanakuwa 1.19 na ya pili 1.30. Ukuta wetu unapata Nu ya 116 kwa kanuni ya maeneo yote, na 88 kwa ile ya utulivu. Ukigeuza kuwa h, ni 5.2 na 3.9.

Kwa hiyo ukuta mmoja umepewa majibu manne: 3.9, 4.2, 4.5 na 5.2. Hakuna aliyekosea hesabu. Kanuni hizi zimepatikana kwa kuchora mstari mmoja kati ya vipimo vingi vilivyotawanyika, na eneo la karibu na bilioni 1 ndiko vipimo vinakotawanyika sana, maana hapo mtiririko wenyewe haujaamua. Mimi ningechukua 4.5 na kuandika kando yake kwamba inaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 15. Ripoti inayosema 4.48 kwa desimali mbili, bila neno lolote la mashaka, inamwambia mwenye tanuri uongo kuhusu ubora wa kipimo. Wala usichanganye kanuni mbili ndani ya ulinganisho mmoja. Ukihesabu ukuta usio na tabaka la kuzuia joto kwa kanuni moja na wenye tabaka kwa kanuni nyingine, unaweza kupata akiba ya kuni iliyotokana na kubadilisha kanuni.

Marekebisho ya mwinuko nayo tuyaweke mahali pake. Namba ya Rayleigh ilishuka kwa asilimia 30, lakini kwa kuwa h inafuata kipeo cha robo, upotevu wenyewe wa joto unashuka kwa takriban asilimia 9. Ni kidogo kuliko mashaka ya kanuni. Hata hivyo yafanye, kwa sababu kosa la mwinuko daima linaelemea upande mmoja na linaingia kwenye kila ukuta utakaouhesabu.

Ukifika hapa kazi bado haijaisha, na wengi huishia hapa. Wati 210 ni joto linalobebwa na hewa tu. Chuma cha nyuzi 105 pia kinatoa joto kwa mnunurisho, ule mng'ao unaouhisi usoni ukisimama mbele ya tanuri, na mnunurisho hauhitaji hewa wala haujali mwinuko. Shiti nyeusi yenye kutu au masizi, au iliyopakwa rangi ya kawaida, hutoa karibu asilimia 90 ya mnunurisho ambao uso mweusi kamili ungetoa. Kwa joto letu hiyo ni sawa na h ya ziada ya 8.0. Ukuta wetu unapoteza wati 374 kwa njia hiyo, karibu mara mbili ya zile za hewa. Jumla ni wati 584 kwa upande mmoja.

Kwa saa nane za kazi, wati 584 ni megajuli 17 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hewani ina karibu megajuli 16. Upande mmoja wa tanuri basi unatupa nje joto la kilo moja ya kuni kwa siku, na zaidi ya hapo kwa hakika, kwa kuwa sehemu ya joto la kuni huishia kwenye bomba la moshi kabla haijafika ukutani. Tanuri lina pande nne, juu na mlango. Ila usizidishe kwa sita moja kwa moja. Uso wa juu umelala, hewa yake inapanda kwa namna nyingine, na una kanuni zake.

Kuhusu kupima Ts: bunduki ya kupima joto kwa mwanga usioonekana hudanganywa na chuma kinachong'aa. Bati jipya la nyuzi 105 linaweza kusomeka chini ya hapo kwa mbali sana, kwa sababu bunduki inaona mnunurisho mdogo wa bati pamoja na taswira ya ukuta wa chumba. Paka doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili joto, upime hapo. Pima sehemu tatu au nne, chini, katikati na juu, kisha uchukue wastani. Joto la chumba lipime mbali na tanuri, kwenye kimo cha ukuta. Ukitundika kipimajoto chini ya bati la paa utapata hewa ya moto iliyokwisha kukusanyika huko, na tofauti yako ya nyuzi 80 itapungua bila sababu.

Kosa jingine kubwa ni la kelvini. Mtu anaandika β kuwa 1/65 badala ya 1/338, kwa kuwa alikuwa anafanya kazi kwa selsiasi tangu mwanzo. Namba ya Rayleigh inaongezeka mara tano na kidogo, inafika bilioni 4.3, na ukuta unahamia msukosuko kwa kosa la kalamu. Kinga ni kukumbuka ukubwa wa jibu: kwa hewa ya joto la kawaida la kazi, β huwa karibu 0.003. Ukiona 0.015, simama. Tofauti ya Ts na Ta yenyewe ni sawa ukitumia selsiasi au kelvini, lakini β na hesabu zote za mnunurisho zinadai kelvini.

Halafu kuna upepo. Kanuni zote hizi zinadhani hewa ya chumba imetulia. Kwa ukuta wetu, upepo wa mita 1.2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, unalingana nguvu na myuko wa asili. Upepo wa nusu mita kwa sekunde hauharibu sana, maana nguvu ya kuelea bado ni kubwa kuliko yake mara sita. Tanuri lililo barazani wakati wa kiangazi, upepo ukivuma kutwa, halihesabiwi kwa makala haya. Linahitaji kanuni za hewa inayosukumwa, na litapoteza zaidi.

Ukuta pia usiwe umebanwa. Tabaka la sentimita 3 linahitaji nafasi ya kukua. Tanuri likisogezwa karibu na ukuta wa tofali, likiacha upenyo wa sentimita 4, hewa ya pande mbili inagongana katikati na upenyo unafanya kazi kama bomba. Ukiacha sentimita 15 na zaidi, chini na juu pakiwa wazi, kanuni ya sahani wima inabaki halali.

Njia rahisi ya kuhakiki h yako kabla hujaiamini ni kuacha chuma kipoe. Chukua kipande cha shiti ya chuma ya milimita 3, kimo cha sentimita 65, chenye uso mweusi pande zote mbili. Kipashe moto sawasawa hadi kipite nyuzi 110, kitundike wima kwa waya ndani ya chumba kilichofungwa, na uanze saa kinapofika 105. Mita moja ya mraba ya shiti hiyo ina kilo 23.5, na kila nyuzi moja inayoshuka inatoa karibu juli 11,300. Ikipoteza joto pande mbili kwa jumla ya wati 25 kwa kila nyuzi, yaani 4.5 na 8.0 kwa kila upande, inapaswa kushuka karibu nyuzi 10 katika dakika ya kwanza, na kasi ipungue polepole baada ya hapo. Ikishuka 15, tafuta dirisha lililo wazi. Ikishuka 6, kagua kwanza uso: huenda chuma kinang'aa kuliko ulivyodhani, na mnunurisho wako ni mdogo. Jaribio hili haliwezi kuamua kati ya 4.2 na 4.5, kwa kuwa tofauti yake kwenye dakika ya kwanza ni robo nyuzi tu. Linaweza kukuambia kama umepotea kabisa.

Majiko makubwa ya shule yenye ganda la mviringo yanaweza kuhesabiwa kwa kanuni hizihizi ikiwa kipenyo ni kikubwa ukilinganisha na unene wa tabaka la hewa. Kwa kimo cha sentimita 65 na joto la mfano wetu, kipenyo chochote kinachozidi sentimita 13 kinatosha, kwa hiyo ganda la jiko la sufuria kubwa halina shida. Bomba la moshi la sentimita 10 linalosimama juu yake halifai kuingizwa humu. Tabaka la hewa linalizunguka likiwa nene kwa kulinganisha na bomba lenyewe, na linatoa joto kwa kila mita ya mraba zaidi ya sahani bapa.